Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kutafsiri taarifa ya mradi wa kijiji kwa mfadhili

Ukurasa huu ni wa makatibu wa kamati, walimu na yeyote ambaye mwenyekiti humwita pembeni na kumwambia, "Mwanangu, wewe Kiingereza unakijua, hebu tugeuzie hii taarifa." Maswali ni yale yale yanayorudi kila msimu wa taarifa.

Ili tusielee hewani, mfano ni mmoja tu: kisima kirefu chenye pampu ya mkono katika kijiji cha wilaya ya Kondoa, kilichofadhiliwa na kikundi cha waumini wa Ujerumani. Taarifa inaandikwa kwa Kiswahili, inatafsiriwa kwa Kiingereza, kisha mweka hazina wao anaisoma kwa jicho la Kijerumani. Mradi huo na tarakimu zake nimeutunga, ila kila tatizo lililomo utalikuta kwenye taarifa halisi.

## Kabla ya kuanza

1. Nikipewa taarifa tu, inatosha?

Haitoshi. Omba vitu vingine vitatu: andiko la mradi lililotumwa kwa mfadhili mwanzoni, daftari la michango ya maji, na taarifa ya benki ya akaunti ya mradi.

Andiko la mradi ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu mara nyingi liko kwa Kiingereza tayari na ndimo mfadhili alimoahidiwa mambo. Kama bajeti yake ilikuwa na kifungu cha "uchimbaji na upimaji wa maji", tumia jina hilo hilo neno kwa neno. Ukibuni jina jipya, hata liwe zuri namna gani, mweka hazina atadhani ni matumizi mapya ambayo hakuyaidhinisha, na barua ya kuulizia itakuja kijijini.

Daftari na taarifa ya benki utavihitaji utakapofika kwenye maneno kama "wengi", "kiasi kikubwa" na "zaidi ya".

2. Natafsiri kama ilivyo, au naruhusiwa kuinyoosha?

Unyooshe, lakini unyooshe Kiswahili kwanza na ukirudishe kwa katibu akisome kabla hujagusa Kiingereza. Hapo ndipo kazi ilipo. Sentensi isiyoeleweka kwa Kiswahili haitaeleweka kwa kutafsiriwa, na ukiifafanua kimya kimya kwenye Kiingereza, kamati itakuwa imesaini jambo isilolijua.

Chukua kifungu hiki, cha aina inayopatikana karibu kila taarifa:

> Mradi umefanikiwa kwa kiasi kikubwa. Kaya zaidi ya 200 zimefikiwa. Akina mama hawateseki tena. Changamoto ndogo ndogo zilijitokeza ikiwemo pampu kusumbua na baadhi ya wananchi kutochangia kwa wakati.

Kijijini kila mtu anaelewa kilichosemwa, maana wote walikuwepo. Msomaji wa ng'ambo hakuwepo. Ataona mafanikio bila kipimo na matatizo bila ukubwa. Baada ya kukaa na katibu na daftari lake, kifungu kikawa hivi:

> Tulilenga kaya 240. Kaya 212 zimeandikishwa na zinatumia kisima. Kaya 28 za kitongoji cha ng'ambo ya korongo bado zinatumia kisima cha zamani, kwa sababu korongo halipitiki wakati wa mvua. Pampu ilisimama siku 27, kuanzia tarehe 3 hadi 29 Agosti, kwa kukosa sili ya pistoni. Michango iliyokusanywa kwa miezi sita ni shilingi 803,000 kati ya 1,272,000 zilizotarajiwa.

Hakuna jipya lililoongezwa ambalo kamati haikulijua. Sentensi ya akina mama imeondolewa hapa kwa muda. Inarudi kwenye swali la 8.

## Tarakimu

3. Fedha niziandike kwa shilingi au kwa sarafu ya mfadhili?

Zote mbili, lakini kwa kiwango kimoja cha kubadilishia fedha, nacho ni kile ambacho benki ilitumia siku fedha zilipoingia. Usichukue kiwango cha siku unayotafsiri. Shilingi ikiwa imepanda au imeshuka tangu hapo, jedwali litaonyesha fedha zimepotea au zimezaliana.

Katika mfano wetu mfadhili alituma yuro 6,800. Benki ilibadilisha kwa shilingi 2,710 kwa yuro, zikawa 18,428,000, ikakata ada ya 28,000, na akaunti ikapokea 18,400,000. Katibu aliandika "tumepokea milioni kumi na nane na laki nne", na kwake ni kweli. Lakini mfadhili akigawa 18,400,000 kwa 2,710 hapati 6,800. Ada ya benki lazima iwe na mstari wake.

| | Shilingi | Yuro |
|---|---|---|
| Zilizotumwa | 18,428,000 | 6,800.00 |
| Ada ya benki | 28,000 | 10.33 |
| Zilizotumika | 17,865,000 | 6,592.25 |
| Salio | 535,000 | 197.42 |

Jumlisha mistari mitatu ya chini: lazima irudi kwenye ule wa juu kwa sarafu zote mbili. Fanya hesabu hiyo wewe mwenyewe hata kama hukuombwa. Isiporudi, simama umwulize mweka hazina. Usirekebishe tarakimu ili zikubaliane. Hata ukiwa na hakika kwamba sifuri imedondoka, anayeirekebisha ni mwenye kitabu.

4. Mfadhili amesoma "1,272" kama moja nukta mbili. Kwa nini?

Kwa sababu sisi na Waingereza hutenga maelfu kwa mkato na desimali kwa nukta, na Wajerumani hufanya kinyume. Jedwali la hapo juu, kwa Kijerumani, lingeandikwa 6.592,25. Mtu anayesoma Kiingereza lakini amezoea hesabu za kwao huteleza hapo kwa urahisi, hasa tarakimu ikiwa moja katikati ya sentensi.

Njia iliyo salama ni kutenga maelfu kwa nafasi: 1 272 000. Inasomeka vilevile pande zote. Epuka pia kufupisha kwa "elfu" kwenye vichwa vya majedwali. Halafu angalia "laki": Kiingereza cha Ulaya hakina neno hilo, kwa hiyo "laki saba na nusu" iandike kwa tarakimu, 750 000. Nimeshaiona ikigeuka 700 000 na nusu ikaachwa njiani.

5. Saa na tarehe nazo zina shida gani?

Saa zina shida kubwa. Mama mmoja anaposema kwenye taarifa kwamba walikuwa wanaamka saa tisa usiku kuwahi maji, ni 03:00. Ukiandika tisa ya usiku kwa saa za kizungu, umempeleka kisimani 21:00, muda ambao watu wengi Ulaya hawajalala, na uzito wote wa maneno yake umekwisha. Andika saa kwa tarakimu nne, 03:00, ili pasibaki swali la asubuhi au usiku.

Angalia pia tofauti ya saa ya ukutani na muda. "Walitumia saa mbili" ni dakika 120. "Walikwenda saa mbili asubuhi" ni 08:00.

Kwa tarehe, andika jina la mwezi kwa herufi. Na usiseme "robo ya kwanza" bila kutaja miezi: mwaka wa fedha wa serikali ya Tanzania huanza 1 Julai, ilhali wa mfadhili huenda ukaanza Januari.

6. Ndoo, dumu na tripu nizigeuze kuwa lita na tani?

Dumu la lita 20 linajulikana, kwa hiyo geuza, ila ulizia kama ndoo zinazozungumzwa ni za lita 20 au za 10. Tripu ya mchanga usiigeuze mpaka ujue lori lilikuwa la tani ngapi. Ukikosa jibu, andika "tripu 6 za lori" na uache hivyo.

Kuhusu kuzipa tripu hizo thamani ya fedha, angalia swali la 13.

7. "Kaya", "wanufaika" na "vijana" ni watu wangapi hasa?

Kaya ni wanaokula chungu kimoja, si familia kwa maana ya ukoo, wala si nyumba. Kama andiko la mradi lilihesabu kaya, endelea na kaya. Usizidishe kwa watu watano ili upate idadi ya kuvutia, isipokuwa kamati imehesabu watu.

"Wanufaika" ni neno la kuulizia kila linapotokea. Je, ni walioandikishwa, wanaochota, au kijiji kizima? Katika mfano wetu walioandikishwa ni kaya 212 na waliolipa Septemba ni kaya 119. Tarakimu zote mbili ni za kweli na zinajibu maswali tofauti.

"Vijana" ni mtego wa kimya. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inahesabu miaka 15 hadi 35. Umoja wa Mataifa, kwa takwimu zake, huhesabu 15 hadi 24. Ukisema vijana 9 walifundishwa na mmoja wao kwenye picha ana mtoto wa darasa la tano, mfadhili atashangaa. Weka umri kwenye mabano mara ya kwanza neno linapotokea.

Na kwa kuwa Kiswahili hakitofautishi jinsia katika "alisema" au "yeye", usibahatishe. Mwenyekiti, fundi na mlinzi wa pampu: ulizia kila mmoja. Wafadhili wengi huhesabu wanawake walio kwenye uongozi, na kosa la neno moja hubadilisha hesabu hiyo.

## Matokeo

8. Tofauti ya kilichofanyika na kilichobadilika ni ipi, na nitaionyeshaje?

Kuchimba kisima ni kilichofanyika. Mama kufika nyumbani mapema ni kilichobadilika. Taarifa zetu hujaza la kwanza chini ya kichwa cha la pili: "Matokeo: kisima kimechimbwa, kamati imeundwa, mafunzo yametolewa." Ukitafsiri hivyo hivyo, mfadhili anaona sehemu ya matokeo haina matokeo.

Hapa ndipo sentensi ya akina mama inaporudi. "Hawateseki tena" inabeba jambo la kweli, lakini haliwezi kupimwa. Ulizia: walikuwa wanateseka vipi? Jibu lilikuwa mwendo na foleni. Je, kuna aliyepima? Andiko la mradi lilitaja saa mbili za kwenda na kurudi, kwa makisio ya kamati. Baada ya mradi, mwalimu na wajumbe wawili walisimama kisimani Jumamosi moja, 06:00 hadi 10:00, wakauliza wachotaji 30. Kumi na tisa walisema kwenda, kupanga foleni na kurudi kunachukua chini ya dakika 30.

Dakika 30 si namba ya kuokota. Ndicho kipimo ambacho WHO na UNICEF hutumia kwa huduma ya msingi ya maji: chanzo kilichoboreshwa, na safari nzima ya kwenda na kurudi isiyozidi dakika 30, foleni ikiwemo. Kwa hiyo andika 19 kati ya 30, taja kwamba ilikuwa siku moja, na taja kwamba saa mbili za mwanzo ni makisio. Usiandike "asilimia 63 ya wanakijiji". Walioulizwa ni watu 30 waliokuwepo asubuhi hiyo. Wale wa ng'ambo ya korongo hawakuwepo kabisa.

9. Katibu ameandika magonjwa ya kuhara yamepungua. Niandike?

Andika kama lilivyosemwa na nani alilisema. Kama mganga wa zahanati ametoa idadi kutoka kwenye rejista yake, weka idadi, miezi, na chanzo. Kama ni maoni ya wajumbe, andika "wajumbe wa kamati wanasema wanaona". Kosa la kawaida la wafasiri ni kudondosha "wanasema", na maoni yakageuka utafiti.

10. "Mafundi 4 wamepata mafunzo" inahitaji maelezo zaidi?

Inahitaji idadi ya siku na walichojifunza. Semina ya siku mbili ya kufungua pampu na kubadilisha sili si kozi ya ufundi. Msomaji asiyejua atadhani kijiji kina mafundi wanne wenye vyeti, halafu akisoma habari ya siku 27 bila maji atajiuliza walikuwa wapi.

## Matatizo

11. Changamoto niziandike kwa uwazi kiasi gani? Kamati inaogopa kunyimwa awamu ya pili.

Woga huo una sababu, wala usiudharau. Lakini angalia kinachotokea ukiandika "changamoto ndogo ndogo". Neno hilo kwa Kiingereza cha wafadhili limetumika mpaka limekwisha ladha; msomaji analiruka, au anaanza kuhisi kuna linalofichwa. Tatizo lililotajwa kwa ukubwa wake, sababu yake na hatua iliyochukuliwa humtuliza zaidi kuliko neno laini.

Katika mfano wetu, kulikuwa na matatizo mawili, na katibu aliyaweka kwenye orodha kana kwamba hayahusiani. Daftari lilionyesha kitu kingine. Mchango ni shilingi 1,000 kwa kaya kwa mwezi, na kaya zilizolipa ni hizi:

| Mwezi | Kaya zilizolipa, kati ya 212 |
|---|---|
| Aprili | 171 |
| Mei | 163 |
| Juni | 151 |
| Julai | 158 |
| Agosti | 41 |
| Septemba | 119 |

Watu hawakuamka tu wakawa wagumu wa kuchangia. Agosti pampu ilikuwa imekufa, na nani alipe maji asiyoyachota? Septemba, mwezi mzima baada ya kutengenezwa, walikuwa hawajarudi wote. Kwa hiyo sentensi ya "baadhi ya wananchi kutochangia kwa wakati" ilikuwa inawasingizia wananchi. Tatizo la msingi lilikuwa kipuri: hakikupatikana mjini Kondoa, na kamati haikuwa na akiba ya vipuri. Kuna pia lililokuwepo kabla: hata Aprili, maji yakitoka vizuri, kaya 41 hazikulipa. Hilo nalo liandikwe, maana halielezwi na pampu.

Wasomee kamati kifungu hicho kilichonyooshwa kabla ya kukitafsiri. Mara nyingi wanakikubali, kwa sababu kinawatetea kuliko kile cha kwanza.

12. Sentensi nyingi hazitaji aliyefanya: "fedha zilicheleweshwa", "ilionekana vyema kubadilisha". Nifanye nini?

Ulizia nani. Kiswahili cha ofisini kinaruhusu jambo litendeke bila mtendaji, na mara nyingi ni adabu tu ya kutomtaja mkubwa. Lakini "ilionekana vyema kuhamisha fedha za uzio kwenda kwenye usafiri" ni uamuzi ambao, kwa mikataba mingi, ulihitaji kibali cha mfadhili. Andika aliyeamua, kikao cha tarehe gani, na kama kibali kiliombwa. Kama hakikuombwa, hilo ni la mwenyekiti kulisema kwa barua yake. Lisije likagunduliwa ndani ya tafsiri.

Si lazima kutaja jina la mtu. Cheo kinatosha.

## Mambo ya pembeni ambayo hukwamisha

13. Nguvu kazi ya wananchi iwekwe kwenye fedha?

Iwekwe, lakini kwenye jedwali lake. Siku za kazi, mawe na mchanga ni mchango halali, na kuzichanganya na fedha taslimu kutavuruga hesabu ya swali la 3. Thamani ya siku moja ya kazi iamuliwe na kamati na iandikwe wazi jinsi ilivyopatikana. Mfasiri asipange bei.

14. Naweza kuweka picha na maneno ya mama yule wa saa tisa usiku?

Ukiwa na ridhaa yake, na akiwa anajua picha inakwenda wapi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Zaidi ya sheria, kijiji ni kidogo: ukimtaja kuwa ni mmoja wa wasiolipa mchango, kila mtu atajua. Kwa watoto, ulizia mzazi au mlezi.

Maneno yake yatafsiri kwa urefu wake. Usimfanye aongee kama andiko la mradi.

15. Mwenyekiti anataka nipunguze makali baada ya kamati kukubali. Nani ana neno la mwisho?

Taarifa ni ya kamati, kwa hiyo wana haki ya kubadilisha maneno yao, mradi wabadilishe kwenye Kiswahili na wasaini upya. Usikubali Kiswahili kibaki "siku 27" na Kiingereza kisomeke "siku chache". Mweleze hivyo mzee kwa heshima, peke yenu, si mbele ya wajumbe: "Baba, nikiandika tofauti na mlichosaini, siku wakija kukagua mtaulizwa ninyi." Wengi wanaelewa mara moja.

Tuma nakala zote mbili kwenye bahasha au barua pepe moja. Siku hizi wafadhili wengi wana Mswahili wa kuwasomea.

16. Majibu ya mfadhili yakirudi, nayo natafsiri mimi?

Kwa kawaida ndiyo, na hapo makosa hugeuka upande. Barua za Kijerumani na Kiingereza huuliza moja kwa moja: kwa nini hamkuwa na vipuri? Ukitafsiri kwa ukavu huo huo, kikao kitasikia karipio. Ukilainisha mno, hawatajua kwamba jibu linasubiriwa. Weka salamu kama zilivyo, kisha orodhesha maswali kwa namba, na kwa kila swali andika jibu linahitaji nini: tarehe, kiasi, au maelezo.

Barua hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hukaa kila baada ya miezi mitatu, pamoja na jedwali la swali la 11. Kaya 93 ambazo hazikulipa Septemba zitakuwa na lao la kusema, na majibu yao ndiyo yatakayoingia kwenye taarifa inayofuata.